Dawa zote, chakula kidogo, amenuna: kisa cha muhtasari wa simu ya jioni

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya familia yenyewe na ya binti aliyekuwa akimlea mgonjwa. Majina nimeyaondoa, mji sikuutaja, na vitu vichache vya humo nyumbani nimevibadili ili jirani asimtambue jirani. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa, makosa yangu yakiwemo, maana mihtasari ya simu za jioni kuhusu mgonjwa inayozungumziwa hapa niliiandika mimi. Kabla ya kazi hii nilikuwa karani wa masjala ya hospitali kwa miaka mingi. Najua kupanga taarifa za wagonjwa, lakini uuguzi sikuusomea, na jambo hilo lina nafasi yake katika yaliyotokea.

## Usuli

Bibi ni mjane aliyevuka miaka 75, anaishi nyumbani kwake kwenye mji wa pwani ya kaskazini ya Tanzania. Ana presha na kisukari cha ukubwani. Watoto wake ni watatu: wa kwanza yuko Dar es Salaam, wa pili Maskati, wa mwisho Uingereza. Anayekaa naye ni binti wa miaka 20 na ushei aliyemaliza kidato cha nne. Nitamwita Mlezi.

Dawa zilikuwa hazina utata. Asubuhi, pamoja na kifungua kinywa, Bibi hunywa dawa mbili za kisukari, glibenklamidi ya miligramu 5 na metformini ya miligramu 500. Jioni akishakula hunywa metformini nyingine. Usiku kabla ya kulala hunywa amlodipini ya presha, miligramu 5. Mlezi hayatumii majina hayo. Kwake kuna "kile kidogo", "zile kubwa" na "ya presha", na siku zote alivipatia.

Kila siku saa 2 usiku mtoto wa kwanza humpigia Mlezi simu. Huzungumza dakika 8 hadi 12, na simu ya mtoto hurekodi mazungumzo. Kurekodi kulianza baada ya ndugu kugombana: kila mmoja alikuwa akipiga kwa wakati wake, akisikia lake, halafu wanabishana kuhusu Bibi alikula nini. Yule wa Maskati anafanya kazi za zamu na wa Uingereza yuko nyuma kwa saa, kwa hiyo wakakubaliana apige mmoja, arekodi, na mimi nisikilize niwaandikie wote muhtasari kwenye kundi lao la wasapu kabla ya saa 4 usiku. Mlezi aliambiwa anarekodiwa na akakubali. Bibi hakuulizwa. Alipofahamu baadaye alisema, "Mnanisema kama sipo," na hakukosea, kwa sababu simu ilikuwa inawekwa spika kwenye meza iliyo mbele yake huku choo chake kikijadiliwa.

Muhtasari wenyewe ulikuwa wa mistari mitatu: DAWA, CHAKULA, HALI. Familia iliupenda kwa sababu mtu anaweza kuusoma akiwa amesimama ndani ya daladala. Nami niliupenda, kwa sababu karani yeyote hupenda fomu iliyojaa.

## Yaliyotokea, siku kwa siku

Wiki mbili kabla ya kisa, vipande vya mashine ya kupimia sukari viliisha. Mlezi alilisema, nami nikaliandika usiku ule: "Vipande vya sukari vimeisha, vinunuliwe." Mtoto mmoja akajibu kwamba atatuma hela. Sikuliandika tena, kwa kuwa nilishaliandika. Hela hazikutumwa, na hakuna aliyekumbuka, kwa sababu kuanzia siku iliyofuata muhtasari haukuwa na neno lolote kuhusu sukari.

Jumatatu. Nanukuu rekodi kwa kirefu kidogo, maana mwanzo wa simu zote ulikuwa hivi hivi.

— Shikamoo baba.
— Marahaba mwanangu. Hamjambo hapo? Mama hajambo?
— Hajambo, tunamshukuru Mungu.
— Dawa amekunywa zote?
— Zote, baba.
— Na kula?
— Amekula, ila kidogo. Meno yale ya kubandika yanamuumiza ufizi. Asubuhi uji kikombe kimoja, chapati kaiacha. Mchana wali na mchuzi, vijiko kadhaa. Usiku kasema ameshiba.

Nikaandika: *DAWA: zote. CHAKULA: kidogo, meno yanasumbua. HALI: hajambo.*

Jumanne. Dawa zote. Uji nusu kikombe, mchana "ameonja onja tu", usiku chai kavu na kipande cha boflo alichokilowesha. Mtoto akaahidi kumtafutia daktari wa meno wikiendi. Wakaagana, wakatakiana usiku mwema, na kabla simu haijakatwa Mlezi akasema:

— Halafu baba, leo umeme ulikatika tangu saa 4 asubuhi, feni haizunguki. Bibi alitoka jasho mpaka kanga ikalowa, nikambadilisha. Na mikono ikawa inamtetemeka. Nikamwambia, bibi, joto hili litatuua.
— Poleni sana, huku pia hali ni hiyo hiyo. Haya, laleni salama.

Nikaandika: *DAWA: zote. CHAKULA: kidogo. HALI: hajambo, joto kali, umeme ulikatika.*

Jumatano. Uji vijiko vitatu. Mchana hakula. Mlezi alianza kwa sauti ya kusitasita.

— Leo bibi alikuwa mkali. Kanitukana, mimi sijawahi kutukanwa na bibi. Tena ananiita jina la marehemu dada yake. Adhuhuri akalala, kumwamsha kazi. Akaniomba chai ya sukari, nikampa, baba usinigombeze. Alipoinywa akarudi mwenyewe, akaniuliza mbona umenuna.
— Sukari hapewi, mwanangu, unajua hali yake.
— Najua baba. Samahani.
— Keshokutwa ni mwaka tangu mzee afariki. Nadhani ndiyo hayo.

Nikaandika: *DAWA: zote. CHAKULA: kidogo. HALI: amenuna, ana huzuni ya marehemu mzee. NB: alipewa chai ya sukari, Mlezi amekumbushwa isirudiwe.*

Usiku ule kundi lilichangamka. Wa Maskati alilia kwenye ujumbe wa sauti. Wa Uingereza akasema atapiga video kesho yake amliwaze mama. Wakapanga kisomo cha Ijumaa kifanyike nyumbani kwa Bibi ili asijihisi mpweke. Hakuna hata mmoja aliyegusa suala la dawa, na sababu ilikuwa mbele ya macho yao: DAWA, zote.

Alhamisi. Saa 1 asubuhi Bibi alikunywa kile kidogo na ile kubwa, akala vijiko viwili vya uji. Saa 3 hivi aliomba chai ya sukari. Mlezi akamkatalia kwa upole, kama alivyoagizwa. Saa 4 akamkuta ameegemea ukuta barazani, kanga imelowa, macho yako wazi lakini akiitwa anajibu kwa mguno. Akakimbilia nyumba ya tatu kwa mama mmoja ambaye naye ana kisukari na ana mashine yake. Kipimo kilisoma milimoli 2.6 kwa lita. Chini ya 3.9 sukari huhesabiwa kuwa imeshuka, na ikiwa chini ya 3 ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula chake.

## Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Yule jirani alifanya mambo mawili sahihi. Kwanza alimpa Bibi maji kijiko kimoja aone kama anaweza kumeza. Alipoona anameza, akakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari, takriban gramu 15, kwenye nusu glasi ya maji na kumnywesha taratibu. Angekuwa hamezi, kumwaga kitu chochote mdomoni kungeweza kumpalia na kuingia mapafuni. Baada ya dakika 15 akapima tena: 4.3. Bibi akauliza kwa nini watu wamejaa.

La pili ndilo lililomwokoa, nalo lingeweza kuachwa kwa urahisi. Bibi alikuwa anaongea, anataka kubaki nyumbani, na mtoto wa kwanza kwenye simu alikuwa karibu akubali. Jirani akang'ang'ania hospitali: "Kidonge cha asubuhi bado kimo mwilini." Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari, hata kama tumbo ni tupu, na nguvu yake inaweza kukaa mwilini siku nzima. Figo zikiwa zimechoka hukaa zaidi. Sukari ya kwenye glasi inakwisha mapema, dawa inabaki. Ilitokea hivyo hivyo: saa 3 usiku, akiwa wodini na dripu ya glukosi, sukari ilishuka tena.

Majibu ya damu yalionyesha kreatinini iko juu, yaani figo zilikuwa zimepungua nguvu bila mtu kujua. Daktari aliiondoa glibenklamidi moja kwa moja. Aliieleza familia kwamba hata bila kisa hiki isingemfaa mtu wa umri wake. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yenyewe inasema haiwafai waliovuka miaka 60. Metformini aliibakiza baada ya kuyatazama majibu ya figo. Presha ilikuwa juu, akapandisha amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10. Bibi alirudi nyumbani siku ya tatu.

Nikiri jambo dogo la pembeni. Nilipowaandikia kwamba alikutwa saa 4 asubuhi akapelekwa hospitali saa 5, mtoto wa Uingereza alisoma kwa saa ya kule. Akafikiri mama yake aligunduliwa alfajiri ya saa 10. Alimpigia Mlezi kumuuliza ilikuwaje asifunge mlango wa baraza usiku kucha. Mtu amezaliwa hapa, lakini miaka 20 ya ugenini imeshamgeuzia saa. Siku hizi naandika zote mbili: saa 4 asubuhi (10:00).

## Nilipozirudia rekodi

Daktari aliuliza swali moja ambalo lilinifanya nirudi kwenye zile sauti: "Dalili zilianza lini?" Kwa mihtasari yangu jibu lingekuwa Alhamisi. Kwa rekodi jibu lilikuwa Jumanne, saa 4 asubuhi, umeme ulipokatika, kama masaa 3 baada ya kidonge.

Hilo lilinikaa vibaya. Jasho linalolowesha kanga, mikono inayotetemeka, ukali wa ghafla kwa mtu mpole, kuchanganya majina, usingizi wa mchana usioamshika: kila kimoja kilitajwa na Mlezi, kwa siku yake na saa yake. Kisha likaja lile la Jumatano, ambalo daktari aliliita ushahidi uliokamilika kuliko mengine yote. Alipokunywa sukari, alirudi mwenyewe. Dalili za sukari kushuka zikiondoka mara mtu anapopata sukari, hapo ndipo mganga anapoacha kubahatisha. Mlezi alikuwa amefanya tiba bila kujua na akatoa ripoti ya matokeo yake. Mimi nikaigeuza kuwa karipio. Kesho yake, kwa sababu ya karipio hilo, Bibi alinyimwa chai iliyokuwa ikimponya.

Hakuna neno la uongo katika mihtasari ile mitatu. Ukisikiliza rekodi huku unasoma, kila mstari una chanzo chake.

## Uchambuzi

Mistari mitatu ilitenganisha vitu viwili visivyotenganika. Kwa mgonjwa anayetumia dawa inayoshusha sukari, "dawa zote" si habari njema wala mbaya mpaka ujue alikula nini baada yake. "Dawa zote, amekula vizuri" ni siku ya kawaida. "Dawa zote, hakula" ni hatari. Fomu yangu iliweka dawa kwenye mstari wake, ikapata alama ya vema, na msomaji akapumua kabla hajafika kwenye chakula. Isitoshe, mtoto wa kwanza alikuwa anauliza kwa namna inayotaka jibu moja: "Dawa amekunywa zote?" Miezi miwili kabla, Mlezi alisahau metformini ya jioni akasemwa sana. Tangu hapo neno "zote" lilikuwa ngao yake. Hata siku ambayo kusita kumpa dawa na kupiga simu kuuliza kungekuwa busara, asingethubutu.

Neno "kidogo" lilimeza mteremko. Mlezi alisema kikombe, kisha nusu kikombe, kisha vijiko vitatu. Mimi nikaandika kidogo, kidogo, kidogo. Aliyesoma usiku wa Jumatano aliona hali ileile ya Jumatatu, na kitu kisichobadilika hakishtui. Niliuona ufupisho kama kazi nzuri, kumbe nilikuwa nafuta ngazi ambayo mtu alikuwa anaishuka. Vipimo vya Mlezi si vya maabara, ila vinalinganishika: kikombe ni kilekile, kijiko ni kilekile.

Niliandika sababu mahali pa alichokiona. Mlezi hakusema Bibi ana huzuni. Alisema katukana, kaita jina la marehemu dada yake, kalala haamshiki. Huzuni ililetwa na mtoto, kwa maneno "nadhani ndiyo hayo", na mimi nikaiandika bila "nadhani" yake. Kufikiri vile hakukuwa upuuzi: mwaka wa marehemu ulikuwa kweli unakaribia na wazee huguswa na siku kama hizo. Lakini marehemu aliyeitwa hakuwa mzee, alikuwa dada. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nisimame. Joto nalo lilifanya kazi hiyo hiyo siku ya Jumanne. Kila dalili ilipewa maelezo yake ya karibu, umeme, msiba, meno, na kila maelezo yalipotolewa dalili ilifungwa.

Sikujua wapi katika simu habari hukaa. Sisi tukiulizwa hali tunajibu njema hata tukiwa kitandani. "Hajambo" ya dakika ya kwanza ni jibu la salamu, haielezi afya ya mtu, nami nimeliandika neno hilo kwenye mstari wa HALI usiku mwingi mno. Habari huanza kwenye "ila". Huja tena kwenye "sema tu", "labda ni", "usinigombeze". Na mara nyingi huja baada ya kuagana, mtu anapokuwa ameshamaliza maswali ya mkubwa na sasa anasema lake. Jasho la Jumanne lilitajwa baada ya usiku mwema. Mimi, nikisikiliza, huwa nimeshaanza kuandika wakati huo.

Kilichonyamaza kilionekana kizima. Sukari haikupimwa kwa wiki mbili na muhtasari haukusema haikupimwa. Kwenye masjala tulifundishwa kwamba kisanduku kitupu kina maana, kijazwe hata kwa mstari wa kukata. Nilisahau somo langu mwenyewe.

Yapo yaliyofaa pia. Simu ilipigwa saa ileile kila siku na mtu yuleyule, kwa hiyo siku nne ziliweza kulinganishwa. Mlezi anasimulia kwa saa na kwa vitu, kipaji ambacho hatukukiona mpaka tuliposikiliza upya. Rekodi zilikuwepo kwa bahati: mtoto wa kwanza alikuwa na mazoea ya kufuta kila Ijumaa ili simu isijae, na kisa kilitokea Alhamisi. Bila hizo, daktari angepewa mihtasari yangu tu.

## Muhtasari ulivyobadilika

Tuliongeza mstari mmoja tu. Tulibadilisha mpangilio. Huu ni wa usiku mmoja wa wiki mbili baadaye, Bibi alipokuwa na mafua:

> Tofauti na jana: chakula kimepungua, kikohozi kipya.
> Saa 1 asubuhi (7:00): sukari 6.8. Uji kikombe, nusu andazi, kisha metformini. Saa 7 mchana (13:00): ndizi za nazi nusu sahani (jana sahani). Saa 1 usiku (19:00): mchuzi tu, "kasema mdomo mchungu". Metformini ya jioni amekunywa, ya presha bado, saa 3.
> Alivyosema Mlezi: "Leo kachangamka asubuhi, jioni hataki kuongea. Kikohozi kinamkatisha." Sababu haijulikani.
> Haikuulizwa: choo, usingizi wa mchana.

Dawa na chakula sasa viko kwenye sentensi moja kwa mpangilio wa saa, kwa hiyo huwezi kusoma kimoja ukaacha kingine. Hali ya mgonjwa inaandikwa kwa maneno ya aliyemwona, ndani ya alama za kunukuu. Mtu wa familia akitoa dhana yake naiandika na jina lake: "Mtoto wa kwanza anadhani ni…" Mstari wa mwisho, wa yasiyoulizwa, ndio uliochukiwa zaidi mwanzoni kwa kuwa unamlenga anayepiga simu. Baada ya wiki tatu akawa anauliza mwenyewe ili usiwepo.

Maswali nayo yamegeuka. Badala ya "dawa amekunywa zote?" mtoto huuliza, "Nieleze asubuhi ilikuwaje, tangu alipoamka." Mlezi husimulia dakika tatu bila kukatizwa. Na kwanza kabisa simu hupewa Bibi mwenyewe. Aliulizwa kuhusu kurekodiwa, akakubali kwa sharti la mambo ya chooni yasemwe Mlezi akiwa jikoni. Rekodi hukaa siku 30 kisha hufutwa, na hazitoki nje ya watu watano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya kwenye fungu la taarifa nyeti, lakini kusema kweli sharti la Bibi ndilo lililotushika zaidi.

Mipaka ya muhtasari imebaki. Ukiandikwa saa 4 usiku kuhusu jambo la saa 4 asubuhi, umechelewa nusu siku hata uwe mzuri vipi. Ndiyo maana daktari alimwandikia Mlezi karatasi iliyobandikwa kwenye friji: jasho la baridi, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, usingizi usioamshika, pima sukari hapo hapo, ikiwa chini ya 4 na anameza, mpe sukari, kisha piga simu. Usisubiri saa 2 usiku. Mlezi sasa ana ruhusa ya maandishi ya kutoa chai ya sukari. Kuna kingine ambacho hatujakimaliza. Tangu Alhamisi ile Mlezi anaongea kwa tahadhari zaidi, anapima neno. Alivyokuwa akiongea zamani, na zile "halafu baba" zake, palikuwa na habari nyingi kuliko ripoti yake safi ya sasa. Mtoto wa kwanza amejifunza kutokata simu haraka baada ya kuagana. Hukaa kimya kidogo, na mara nyingine kitu hutoka.

Wiki ya tano baada ya Bibi kutoka hospitali, wakati wa kuagana, kilitoka hiki: "Halafu baba, zile ndara za bibi zinamkaza siku hizi, nadhani zimeingia maji." Zamani ningeliacha nje, habari ya viatu. Nikaiandika kwenye mstari wa maneno ya Mlezi kama ilivyo, na "nadhani" yake. Wa Maskati akauliza ndara zitakazaje mtu aliyepungua kilo. Asubuhi Mlezi akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, akahesabu mpaka kumi, shimo likabaki. Daktari alipoona picha akaomba Bibi aletwe. Moyo na figo vikaangaliwa, havikuwa vimebadilika. Ilikuwa amlodipini ya miligramu 10, ambayo huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu. Ikarudishwa 5, akaongezewa dawa nyingine ya presha, na ndara zikavalika.